Droo inayolingana kupita kiasi: kisa cha msaidizi mpya katika duka la Kisumu

Usuli

Duka linalozungumziwa hapa ni la rejareja, katika mtaa wa makazi mjini Kisumu. Linauza unga, sukari ya kupimwa, mafuta ya kupikia, sabuni, mkate na maziwa ya asubuhi, mayai, soda na kredo ya simu. Mwenye duka ni mama wa makamo aliyeuza peke yake kwa miaka kadhaa kabla ya kuamua kuandika mtu. Mauzo yalikuwa kama shilingi 18,500 kwa siku, na karibu thuluthi moja yakilipwa kwa simu kupitia namba ya tili. Mpwa wake, mwanafunzi wa sekondari, alikuwa akimshikia duka jioni anapotoka. Majina, mtaa na mambo mengine ya kuwatambulisha yameondolewa. Mama huyu tutamwita mwenye duka, na msaidizi tutamwita Binti.

Binti alikuwa na miaka 21, amemaliza kidato cha nne, hajawahi kuuza duka. Aliletwa na jirani. Makubaliano yalikuwa ya mdomo: 9,000 kwa mwezi na chakula cha mchana, kuanzia saa moja asubuhi hadi saa mbili usiku, Jumapili nusu siku. Kuhusu kazi yenyewe aliambiwa, "Utanisaidia dukani." Kuhusu pesa aliambiwa kwamba shoti yoyote, yaani upungufu wa pesa za droo, itatoka kwenye mshahara wake, kama ilivyo kwa maduka ya jirani.

Mwezi wa kwanza

Siku ya pili tu Binti aliachwa peke yake kwa saa tatu mwenye duka alipokwenda kununua bidhaa kwa bei ya jumla. Bei hazikuwa zimeandikwa popote. Zote zilikuwa kichwani mwa mwenye duka. Binti aliuza kwa kukisia, kwa kupiga simu, au kwa kumwuliza mteja mwenyewe bidhaa huwa anainunua kwa ngapi.

Jioni hiyo droo ilipungua. Mwenye duka akamuuliza mbele ya wateja watatu kama shuleni hakufundishwa kutoa. Siku zilizofuata shoti ziliendelea, nyingine za shilingi 30, nyingine za 400. Kila mara swali liliulizwa pale pale kwenye kaunta, kwa sauti. Mwisho wa mwezi shoti zilijumlishwa zikafika 1,460, na Binti akapewa 7,540.

Mwezi wa pili ulianza na jambo ambalo mwenye duka alilisifu: siku tano mfululizo droo ililingana na hesabu ya mauzo hadi shilingi ya mwisho. Katikati ya wiki ya pili Binti akaomba advansi ya 300. Jirani aliyemleta ndiye aliyefichua mambo. Alisema msichana alikuwa ameacha kupanda matatu na sasa anatembea kwa miguu kurudi nyumbani usiku, kwa sababu nauli anaitumia kujaza droo kabla haijahesabiwa.

Mwenye duka wa kawaida angesikia hapo kwamba amepata mfanyakazi mwaminifu. Kwa kweli ilikuwa habari mbaya zaidi ya mwezi mzima. Duka lenye chenji za mkononi, wateja zaidi ya mia kwa siku na watu watatu wanaogusa droo moja halilingani hadi shilingi kwa siku tano. Likilingana hivyo, kuna mtu anayefunika makosa, na makosa yaliyofunikwa hayawezi kusahihishwa kwa sababu hakuna anayejua ni yapi.

Uamuzi wa kwanza: kutafuta chanzo kabla ya kumtafuta mkosaji

Kwa ushauri wa ndugu yake anayefanya kazi ya uhasibu, mwenye duka alisitisha makato na kumrudishia Binti ile 1,460. Kisha kwa siku kumi droo ikahesabiwa mara tatu kila siku: wakati wa kufungua, wakati mtu mmoja anamwachia mwingine duka, na wakati wa kufunga. Anayetoka na anayeingia walihesabu pamoja na wote wawili wakatia sahihi kwenye daftari. Pesa za kuanzia ziliwekwa 1,500 kila asubuhi, zote za noti ndogo na sarafu.

Hesabu ya kufunga ilikuwa ile ile kila siku. Siku moja ilikwenda hivi. Mauzo yote kwenye daftari yalikuwa 18,640. Kati ya hayo 7,310 yalilipwa kwa tili na 620 yalichukuliwa kwa deni, kwa hiyo mauzo ya taslimu yalikuwa 10,710. Ukiongeza pesa za kuanzia 1,500 na deni la zamani lililolipwa taslimu 350, kisha ukatoa 1,200 za mtu wa mkate na 100 za bodaboda, droo inapaswa kuwa na 11,260. Ilikuwa na 11,060. Shoti ya 200. Walipoketi kukumbuka, mwenye duka mwenyewe akasema, "Ala! Ni mimi. Nimelipa maji ya mkokoteni." Alikuwa amechukua noti ya mia mbili mchana na hakuandika.

Kwa siku kumi shoti zote zilifika 2,080. Katika hizo, 1,050 zilikuwa pesa zilizotolewa na mwenye duka au mpwa bila kuandikwa: maji, nauli, chakula cha jioni. Nyingine 480 zilikuwa malipo ya tili yaliyoandikwa kama taslimu. Pesa hizo hazikupotea, zilikuwa kwenye tili. Mara moja Binti alimrudishia mteja chenji ya elfu moja ilhali alipewa noti ya mia tano, ikawa shoti ya 500 kamili. Zilizobaki 50 hazikupata maelezo. Kosa la Binti lilikuwa hilo la 500, chini kidogo ya robo ya shoti zote, na kwa mtindo wa mwezi wa kwanza angekatwa 2,080.

Siku hizo kumi zilifunza pia kusoma shoti kwa sura yake. Shoti ya namba nzima kama 50, 200 au 500 kwa kawaida ni noti: ama chenji imetolewa kwa kosa, ama mtu ametoa pesa bila kuandika. Shoti ndogo isiyo nzima, kama 15 au 35, mara nyingi ni bei iliyokosewa. Shoti inayogawanyika kwa tisa bila kubaki, kama 27 au 90, ni ya kutiliwa shaka kwenye daftari kabla ya droo, kwa kuwa mwandishi akigeuza tarakimu, akaandika 540 badala ya 450, tofauti huwa hivyo. Ziada nayo haikuachwa ipite kwa furaha. Droo ikizidi 100, huenda kuna mteja aliyeondoka bila chenji yake na kesho atarudi na mdomo mkali, au kuna kitu kimeuzwa bila kuandikwa.

Uamuzi wa pili: mshahara

Kisumu ni mji ambao kima cha chini cha mshahara ni cha daraja la miji mikubwa. Kwa amri iliyokuwa ikitumika wakati huo, ya Novemba 2024, mfanyakazi wa daraja la chini kabisa alistahili 16,113.75 kwa mwezi bila posho ya nyumba. Ukiongeza posho hiyo ya asilimia 15 unapata kama 18,531. Kwa hiyo ile 9,000 haikuwa ndogo tu, ilikuwa nusu ya kiwango cha sheria, na hoja ya "wote hapa wanalipa hivyo" haibadilishi kitu mfanyakazi akifika ofisi ya kazi. Mwajiri ajue pia kwamba jina la kazi lina uzito: daraja la keshia kwenye amri hiyo liko juu sana kuliko la kibarua, na anayemwita mtu keshia kwenye barua awe tayari kumlipa kama keshia.

Mwenye duka aliketi na hesabu. Faida yake kabla ya matumizi ilikuwa kama asilimia 12 ya mauzo, yaani karibu 66,000 kwa mwezi. Kodi ya duka, umeme, usafiri na mengineyo yalikula 23,000, zikabaki 43,000. Alikubali kumlipa Binti 18,600. Kwa Binti ilikatwa NSSF asilimia 6, bima ya afya ya SHIF asilimia 2.75 na ushuru wa nyumba asilimia 1.5, na mkononi akapokea kama 16,690. Mwenye duka naye alichangia NSSF kiasi kile kile na ushuru wa nyumba kiasi kile kile, kwa hiyo Binti alimgharimu karibu 20,000. Chake kilishuka kutoka 34,000 hadi 23,000. Hili lisifunikwe: mshahara wa haki uliuma, na maduka madogo kuliko hili pengine hayana budi kukubali kwamba bado hayawezi kuandika mtu wa siku nzima.

Saa nazo zilibadilika. Saa kumi na tatu kwa siku zilikuwa nje ya wiki ya kisheria ya saa 52 kwa siku sita. Binti sasa aliingia saa nne na nusu asubuhi akatoka saa mbili usiku, na mapumziko ya saa moja kuanzia saa nane na nusu wakati mtaa umelala. Hiyo ni saa nane na nusu za kazi kwa siku, 51 kwa wiki. Fujo ya mkate na maziwa ya asubuhi alibaki nayo mwenye duka. Siku ya mapumziko ikawa Jumamosi kwa sababu ya ibada ya Binti, ingawa Jumamosi huuza vizuri. Mwenye duka alinung'unika, kisha akakubali.

Makubaliano yaliandikwa kurasa mbili na kila mmoja akabaki na nakala. Muda wa majaribio ulikuwa miezi mitatu. Sheria ya Ajira ya 2007 inaruhusu hadi sita, na ndani ya muda huo upande wowote unaweza kuachana kwa notisi ya siku saba. Kuhusu shoti, karatasi ilisema kosa la kawaida la chenji ni gharama ya duka. Sheria hiyo inaruhusu kukata pesa zilizopungua pale mtu aliyekabidhiwa pesa kwa mkataba anapozipoteza kwa uzembe au kwa kukosa uaminifu. Haimpi mwajiri ruhusa ya kukata kila pengo ambalo hajui limetoka wapi. Na bila mkataba uliomkabidhi Binti pesa waziwazi, kama mwezi wa kwanza, mwenye duka hakuwa na pa kusimama.

Uamuzi wa tatu: kazi yenye mipaka

Orodha ya kazi ya Binti ilikuwa fupi: kuuza na kuandika kila mauzo, kupima na kufunga sukari, kujaza rafu, kufagia mbele ya duka, na kuhesabu droo pamoja na anayempokea. Kilichosaidia zaidi kilikuwa orodha ya pili, ya mambo yasiyo yake. Haandiki deni jipya. Hapunguzi bei. Hamlipi saplaya asiye kwenye ratiba. Hamtolei mtu pesa kwenye droo, hata mpwa.

Deni ndilo lilimwelemea zaidi. Msichana wa miaka 21 hawezi kumwambia mzee wa mtaa "hapana", na si haki kumtuma. Akapewa maneno ya kusema, yale yale kila mara: "Baba, madeni anaandika Mama mwenyewe. Akirudi nitamwambia umepita." Baada ya wiki mbili wazee waliacha kumwomba.

Mafunzo nayo yalianza upya, jambo moja kwa wakati. Siku tatu za kwanza zilikuwa za bei. Bidhaa arobaini zinazouzwa zaidi ziliandikwa kwenye kadibodi nyuma ya kaunta, na nyingine zikabandikwa bei kwenye rafu. Siku tatu zilizofuata zilikuwa za chenji. Alifundishwa kutaja noti kwa sauti akiipokea, "Umenipa mia tano," na kuiacha juu ya kaunta, nje ya droo, mpaka chenji iwe mkononi mwa mteja. Alifundishwa pia kuhesabu chenji kwa kupanda badala ya kutoa kichwani. Bei ikiwa 135 na noti ni 500, unatoa tano na kusema mia moja arobaini, unaongeza kumi na kusema hamsini, unaongeza hamsini na kusema mia mbili, kisha mia tatu, mia tano. Mteja anahesabu pamoja nawe, na kosa linaonekana kabla hajaondoka.

Malipo ya tili yalipewa kanuni moja. Simu inayopokea ujumbe wa tili ilitoka mfukoni mwa mwenye duka ikakaa dukani, huku namba ya siri ya kutoa pesa ikibaki kwake. Bidhaa haitoki mpaka ujumbe ufike kwenye simu hiyo, na ujumbe anaouonyesha mteja kwenye simu yake hautoshi, hata uwe umeandikwa vizuri namna gani.

Namna ya kusahihisha

Mwenye duka alikubaliana na ndugu yake kwamba hatasema kosa mbele ya mteja, isipokuwa mteja mwenyewe anaumia: ametozwa zaidi, au anapewa maziwa yaliyopita tarehe. Hapo husogea na kusema, "Ngoja tuangalie pamoja," akarekebisha, basi. Mengine yote yalingoja dakika kumi za kufunga.

Dakika hizo zilikuwa na mpangilio wa kuonyesha. Chukua sukari. Gunia la kilo 50 lilipaswa kutoa pakiti 200 za robo kilo, lakini Binti alipata 193. Zamani angeambiwa anagawa mali ya watu. Safari hii mwenye duka alichukua pakiti kumi bila kuchagua, akazirudisha kwenye mizani moja moja mbele yake. Nyingi zilisoma gramu 258 au 260. Binti aliona mwenyewe kwamba alikuwa akiongeza kijiko cha mwisho ili mizani isisite chini ya robo. Akaonyeshwa kuongeza kwa kijiko cha chai gramu zinapokaribia 245, akafunga pakiti tano zinazofuata mwenyewe, na mazungumzo yakaishia hapo. Gunia lililofuata lilitoa 199.

Hapo kuna mambo matatu: kilichoonekana, chanzo chake, na kurudia kwa njia sahihi papo hapo. Hakuna neno juu ya tabia ya mtu. Kosa likirudi mara ya tatu baada ya kufundishwa, liliandikwa kwenye daftari kwa tarehe, na Binti akasoma na kutia sahihi. Hili lilitokea mara moja tu, kuhusu mauzo ya tili kutoandikwa kwenye safu yake.

Jaribio lililoharibika

Mwezi wa tatu mwenye duka, akiwa na nia njema, alitangaza zawadi ya 500 kwa mwezi usio na shoti. Wiki ya pili droo ikaanza tena kulingana hadi shilingi. Safari hii aliijua dalili. Alimwuliza Binti faraghani, na Binti akakiri kwamba alijaza 60 kutoka mfukoni ili asipoteze zawadi.

Zawadi ikabadilishwa. Sasa 500 zililipwa kama karatasi ya droo imejazwa kila siku ya kazi, shoti na ziada zote zikiwa na maelezo au alama ya kuuliza. Mtu alilipwa kwa kuandika ukweli. Awali mwenye duka alifikiria pia kumpa asilimia ya mauzo, lakini aliachana nalo, kwa kuwa duka la unga na sukari huuza kwa mahitaji ya mtaa, na msaidizi anayetaka kuongeza mauzo hapo ana njia mbili tu: kukopesha na kupunguza bei.

Matokeo

Mwisho wa mwezi wa nne shoti za mwezi mzima zilikuwa 310, na ziada 140. Pesa zinazotoka bila kuandikwa zilipungua baada ya bakuli la matumizi kuwekwa: mwenye duka alitenga 600 kila asubuhi kwa maji, bodaboda na mengine, nje ya droo. Binti alithibitishwa kazini na kukabidhiwa kuagiza mkate na soda, kazi aliyoitaka mwenyewe. Alikuwa ameona kwamba mkate ulibaki kila Jumatano, akapunguza oda ya siku hiyo kwa mikate sita.

Ile 11,000 ya gharama iliyoongezeka haikurudi yote. Sehemu ilirudi kwa matumizi yaliyodhibitiwa, na sehemu kwa duka kubaki wazi mwenye duka anapokwenda kununua mali. Iliyobaki ilitoka kwenye faida yake.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi zaidi ni kuhesabu wakati wa kukabidhiana. Kabla yake, kila kosa la watu watatu lilimwangukia aliyekuwepo saa ya kufunga, na huyo alikuwa Binti daima. Mafunzo ya chenji yalikuwa mazuri, lakini bila hesabu ya kukabidhiana yasingeonekana kama yamesaidia, maana noti za mwenye duka zingeendelea kuzama humo humo.

Kurudisha ile 1,460 kulikuwa na kazi kubwa kuliko ilivyoonekana siku ile. Wiki iliyofuata, si kabla ya hapo, Binti alianza kusema makosa yake kabla ya kuulizwa. Maneno ya upole peke yake yasingemfanya aamini, kwa sababu makato ndiyo yaliyomfundisha kuficha.

Kilichoshindwa ni mpwa. Aliendelea kuchukua pesa kwenye droo jioni za likizo, na Binti, ingawa orodha ya kazi ilimruhusu kukataa, hakuweza kumkatalia mtoto wa nyumba. Mwenye duka alichelewa miezi miwili kulisema nyumbani. Hatimaye alimwondoa mpwa kwenye zamu za droo kabisa, akambakishia kubeba mizigo na kupanga kreti za soda, na hapo ndipo safu ya "haijulikani" kwenye karatasi ya droo ilipoanza kubaki tupu.

Kosa moja la awali halikurekebishika. Wateja wawili waliosikia maneno ya mwezi wa kwanza waliendelea kuhesabu chenji mara mbili kila Binti alipowahudumia, hata mwezi wa nne.